Miaka miwili ya kazi Uingereza inakoma 31 Desemba 2026

Dada yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana alipokuwa akimsafirisha mwanawe kwenda kusoma shahada ya uzamili kaskazini mwa Uingereza, aliuza kiwanja cha Kisesa na akakopa kwenye vikoba viwili. Hesabu aliyopewa na wakala wa masomo hapa mjini ilikuwa fupi: mwaka mmoja wa kusoma, miaka miwili ya kufanya kazi, deni limekwisha. Kwa mpwa wangu, aliyeanza Septemba 2025, hesabu hiyo bado inaweza kutimia, lakini kwa kubanwa sana na tarehe. Kwa anayeondoka Mwanza Septemba 2026 kwenda kusoma kozi ya aina ileile, haitimii, na bado nawasikia vijana wakiahidiwa miaka miwili.

Kilichobadilika ni hiki. Viza ya mhitimu, ambayo kwenye tovuti ya GOV.UK utaikuta kwa jina Graduate visa, humruhusu aliyemaliza shahada Uingereza kubaki na kufanya kazi bila kuwa na mwajiri aliyemwita. Atakayeomba hadi 31 Desemba 2026 anapewa miaka miwili. Atakayeomba kuanzia 1 Januari 2027 anapewa miezi 18. Wenye shahada ya uzamivu wanabaki na miaka mitatu kama zamani. Kinachoangaliwa ni siku ya kuomba. Haijalishi ulianza kusoma lini, wala wakala alikuahidi nini.

Watu wengi wanaona miezi sita ni kitu kidogo, wanaichukulia kama punguzo la robo. Mimi naona ni hasara kubwa kuliko robo, na sababu iko kwenye kalenda ya ajira ya Uingereza. Kampuni kubwa za kule zina mipango ya kuajiri wahitimu wapya. Nyingi hufungua maombi kati ya Septemba na Desemba, hufanya usaili majira ya baridi, na anayechaguliwa huanza kazi Septemba inayofuata. Ni mzunguko wa karibu mwaka mzima. Sasa chukua vijana wawili waliosoma darasa moja. Wa kwanza ameomba viza katikati ya Desemba 2026, amepata miaka miwili, yaani hadi karibu Desemba 2028. Akikosa nafasi msimu huu, anaomba tena vuli ya 2027, anachaguliwa, anaanza kazi Septemba 2028 akiwa bado na miezi mitatu ya viza, na katika miezi hiyo mwajiri anamhamishia kwenye viza ya kazi. Wa pili ameomba wiki tatu baadaye, Januari 2027. Viza yake ikitoka mwezi huohuo, inakwisha Julai 2028. Vuli ya 2027 naye ataomba na anaweza kuchaguliwa, lakini siku ya kuanza kazi itamkuta viza imekufa miezi miwili nyuma. Ili aokoke itabidi mwajiri akubali kumdhamini kabla hata hajamwona kazini. Kwa hiyo kilichopotea ni msimu mzima wa pili wa kutafuta kazi.

Ndiyo maana mwezi uliopita nilikaa na mpwa wangu kwa simu tukipanga tarehe moja baada ya nyingine. Karatasi ya kwanza niliyomtaka anisomee ni ile hati ya udahili yenye namba ya CAS, kwa sababu ndiyo yenye tarehe rasmi ya kuanza na kumaliza kozi. Yake inasema kozi inaanza 15 Septemba 2025 na inaisha 18 Septemba 2026. Hizo siku tatu za ziada juu ya mwaka zina kazi kubwa. Kozi ya miezi 12 au zaidi humpa mwanafunzi miezi minne ya kubaki baada ya tarehe ya mwisho. Ikipungua miezi 12, na iwe imefika angalau sita, anapewa miezi miwili tu. Kozi nyingi zinazoitwa za mwaka mmoja kwenye matangazo huandikwa Septemba hadi mapema Septemba, na mwenye kozi ya namna hiyo viza yake ya masomo inakwisha Novemba, wakati mwingine kabla hata matokeo hayajatoka. Ya mpwa wangu inakwenda hadi 18 Januari 2027.

Akaona ameshapona. "Mjomba, nina mpaka Januari, sina haraka," akaniambia. Na mpango wake ulikuwa mzuri kabisa: awasilishe tasnifu Septemba, afanye kazi ya ghalani mpaka Desemba, aje nyumbani kwenye sendofu ya dada yake, arudi Uingereza tarehe 5 Januari, aombe viza ya mhitimu akiwa na siku 13 mkononi. Kisheria hakuna kosa hata moja hapo. Angeondoka na kurudi kwa viza yake ya masomo, angeomba kabla haijaisha, angepewa. Ila angepewa miezi 18.

Tukageuza mpango. Lakini kuomba mapema nako kuna mlango mmoja ambao ufunguo wake hauko kwa mwanafunzi. Viza ya mhitimu haiombwi kwa kumaliza kuandika tasnifu, inaombwa baada ya chuo chenyewe kuijulisha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza kwamba mwanafunzi huyu amefaulu kozi yake. Tasnifu ikiwasilishwa Septemba, inasahihishwa, kisha bodi ya mitihani inakaa, ya kwao katikati ya Novemba, kisha ofisi ya wanafunzi wa kigeni inapeleka taarifa wizarani na kumwandikia mwanafunzi barua pepe kwamba sasa unaweza kuomba. Ukiomba kabla ya taarifa hiyo kufika, unakataliwa, na ada ya maombi imekwenda. Nilimtuma aulize maswali mawili na majibu ayapate kwa maandishi: bodi inakaa tarehe ngapi, na baada ya bodi taarifa inapelekwa ndani ya siku ngapi. Akajibiwa kuwa huchukua wiki mbili hivi. Hapo anabaki na Desemba yote. Kama bodi yao ingekuwa inakaa wiki ya pili ya Desemba, angekuwa anashindana na likizo ya Krismasi ya ofisi.

Mwanafunzi anayerudia somo hata moja, au anayeongezewa muda wa tasnifu kwa ugonjwa, ajue kuwa anaweza kusukumwa upande wa pili wa tarehe hiyo. Kama ana njia ya kuwasilisha kwa wakati, awasilishe kwa wakati. Simwambii mtu aandike tasnifu mbovu, ila mtu anayeomba wiki nne za ziada kwa sababu ya uchovu ajue bei yake.

Jambo la pili ni kwamba maombi yanafanyika ukiwa ndani ya Uingereza, na ukishaomba hutoki mpaka jibu lije. Ukipanda ndege kuja Mwanza huku maombi yanasubiri, yanahesabika umeyafuta mwenyewe. Majibu kwa kawaida huja ndani ya wiki nane. Kwa hiyo akiomba mwanzoni mwa Desemba, sendofu haji. Tulinyamaza wote wawili kwenye simu nilipomwambia hivyo.

Sasa gharama. Aprili 2025 ada ya maombi ilipanda hadi pauni 880. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, inayolipwa yote mbele. Kwa miaka miwili ni pauni 2,070, na kwa miezi 18 ni pauni 1,552 na senti 50, kwa kuwa nusu mwaka hulipiwa nusu. Kwa ada hiyo ya Aprili 2025, jumla kwa miaka miwili ilikuwa pauni 2,950, zaidi ya shilingi milioni nane, na pesa zote lazima ziwepo siku ya kuomba. Hakuna sharti la kuonyesha salio la benki kwenye viza hii, lakini hizo huwezi kuzikwepa. Kijana aliyezoea kufanya kazi saa 20 kwa wiki aanze kuzitenga mapema. Na hapa wengi wananaswa: miezi ya kiangazi ya kuandika tasnifu, kwa mwanafunzi wa uzamili, si likizo. Kikomo cha saa 20 kinaendelea mpaka tarehe ya mwisho ya kozi iliyoandikwa kwenye ile hati. Wapo wanaoona wenzao wa shahada ya kwanza wanafanya kazi kutwa kiangazi, nao wakaingia. Kuvunja sharti hilo kunaweza kuja kuharibu maombi haya haya tunayoyapanga kwa siku na saa.

Ukishaipata, masharti ya kazi ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Unaweza kuajiriwa kazi yoyote ya halali, ya ngazi yoyote na mshahara wowote wa kisheria, unaweza kuwa na kazi mbili, unaweza kujiajiri, unaweza pia kukaa bila kazi ukitafuta. Kilichokatazwa ni kuwa mwanamichezo wa kulipwa, na huruhusiwi kuchukua posho za serikali. Marekani, kwa kulinganisha, mhitimu anahesabiwa siku za kukaa bila kazi, na zikipita 90 anapoteza hadhi yake. Uingereza haikuhesabii. Hakuna anayekupigia simu kuuliza umefikia wapi.

Na huo ukimya ndio unaoua. Viza hii haiongezwi hata siku moja. Siku inapokwisha, lazima uwe umeshaomba viza nyingine au uwe umeondoka, na viza nyingine ambayo wengi wanaitegemea ni ya mfanyakazi mwenye ujuzi, Skilled Worker. Hiyo inataka mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni, kazi ya kiwango cha shahada, na mshahara uliotajwa. Tangu 22 Julai 2025 mshahara wa kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha soko cha kazi hiyo kikiwa juu zaidi. Mhitimu anayetoka kwenye viza ya masomo au ya mhitimu anahesabiwa mwajiriwa mpya, na kwake chini kabisa ni pauni 33,400, mradi isipungue asilimia 70 ya kiwango cha soko cha kazi yenyewe.

Nafuu hiyo ina mkia, na mawakala hawausemi kwa sababu nadhani wengi wao hawaujui. Mtu anaruhusiwa kuwa mwajiriwa mpya kwa miaka minne tu, na muda uliokaa kwenye viza ya mhitimu unahesabiwa humo. Ukitumia miaka yako yote miwili ukipakia maboksi ghalani ndipo ukapata kazi ya taaluma yako kwa pauni 34,000, mwajiri anaweza kukudhamini kwa mshahara huo miaka miwili tu. Baada ya hapo akulipe 41,700 au zaidi, la sivyo viza haiendelei. Ni nyongeza ya pauni 7,700 kwa mtu aliye kazini kwa miaka miwili, na mwajiri anayejua hesabu anaiona siku ya usaili. Ukihama baada ya miezi minane, unabaki na miaka mitatu na miezi minne ya nafuu. Kwa hiyo kila mwezi unaopita ukiwa umetulia unamfanya mwajiri wa kesho akuone ghali zaidi.

Kuna na jingine. Mwajiri anayedhamini mgeni hulipa tozo ya ujuzi kwa kila mwaka wa viza. Tangu 16 Desemba 2025 ni pauni 1,320 kwa kampuni kubwa na ya kati, na 480 kwa kampuni ndogo. Miaka mitatu kwa kampuni kubwa ni pauni 3,960. Lakini kwa mtu anayehama moja kwa moja kutoka viza ya masomo kwenda viza ya mfanyakazi akiwa ndani ya Uingereza, mwajiri wake hatozwi tozo hiyo. Kwa anayehama kutoka viza ya mhitimu, mwajiri hutozwa. Maana yake ni kwamba ile miezi minne kati ya kumaliza kozi na kuisha kwa viza ya masomo ndiyo miezi ambayo mhitimu ni rahisi kuliko wakati wowote mwingine: mwajiri hana tozo, na mhitimu ana miaka minne yote ya nafuu ya mshahara. Mpwa wangu akipata mwajiri wa kumdhamini Oktoba, sitaki aiguse kabisa viza ya mhitimu. Mamake hatalipa ile zaidi ya milioni nane ya viza ya mhitimu, na saa ya miaka minne itakuwa haijaanza kuliwa.

Nimekuja kuamini kwamba tumeuziwa viza hii kama zawadi ya mwisho wa masomo, wakati ni muda wa kusubiri unaolipiwa. Ni mzuri kwa anayejua anasubiri nini. Kinachonikasirisha ni kuona familia zinauza viwanja kwa ajili ya idadi ya miaka, na hakuna aliyewaambia kwamba swali la kwanza ni nani atamdhamini mtoto na kwa kazi ipi.

Hilo la kazi ipi linamhusu sana kijana wa kwetu. Mpwa wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara kabla ya kwenda, anasomea usalama wa chakula, na anatafuta kazi kwenye viwanda vya samaki kule. Tangazo linaweza kusema "ubora" au "maabara", lakini kinachoamua ni namba ya kundi la kazi ambayo mwajiri ataiandika kwenye cheti cha udhamini. Mtu wa kupima sampuli maabara anaweza kuwekwa kundi la mafundi wa maabara, ambalo liko chini ya kiwango cha shahada, na tangu Julai 2025 makundi ya chini ya kiwango hicho yamefungwa kwa waombaji wapya isipokuwa yaliyotajwa kwenye orodha maalumu za muda. Mtu wa kusimamia mfumo mzima wa usalama wa chakula anaweza kuwekwa kundi la juu. Kazi mbili kwenye jengo moja, moja inadhaminika, nyingine haidhaminiki. Swali hili liulizwe kabla ya kusaini mkataba, na liulizwe kwa upole: kazi hii mnaiweka kundi namba ngapi?

Kabla ya hapo, jina la kampuni litafutwe kwenye orodha ambayo serikali huichapisha GOV.UK kwa jina Register of Licensed Sponsors: Workers. Ina majina zaidi ya laki moja. Kampuni kuwemo haimaanishi itakudhamini, ila kutokuwemo kunamaanisha itabidi kwanza iombe leseni kwa ajili yako, na wachache watafanya hivyo kwa mtu wasiyemjua. Mpwa wangu sasa anaomba kwanza kwa waliomo, na wengine kwa muda unaobaki.

Fomu nyingi za maombi ya kazi zina swali: je, unahitaji udhamini wa viza sasa au baadaye? Mwenye viza ya mhitimu hahitaji sasa, baadaye atahitaji. Nilimwambia aandike ukweli huo na aweke tarehe ya kuisha kwa viza yake. Wapo wanaojibu hapana ili wapite mchujo, kisha miezi 20 baadaye wanamwendea meneja na habari mpya. Meneja aliyeambiwa mwanzo anaweza kuweka bajeti. Aliyeshtukizwa huwa hana hata muda wa kuombea leseni.

Na mtu asikuombe pesa ya cheti cha udhamini. Cheti hicho na tozo ya ujuzi ni mzigo wa mwajiri, na sheria inamkataza kumtwisha mfanyakazi. Ukiona mtu anakutumia bei ya cheti, hata akiwa Mtanzania mwenzako anayekuita ndugu, hicho cheti hakitakufikisha popote.

Wenye ufadhili nao waangalie mikataba yao. Anayelipiwa ada na maisha yote na serikali au shirika la kimataifa anahitaji kibali cha maandishi cha mfadhili ili aombe viza hii, na ufadhili kama wa Chevening unamtaka mtu arudi nyumbani kwa miaka miwili. Kwao miezi 18 au 24 si suala.

Dada yangu tulimweleza Jumapili, tumekaa nje ya kibanda chake, dagaa zimeanikwa. Nilidhani atalalamikia sendofu. Aliuliza kitu kimoja: hiyo tarehe 31 Desemba ni ya mtoto kuomba, au ya serikali kumjibu? Nikamwambia ni ya kuomba: siku anayotuma maombi na kulipa, hata jibu likija Februari. Akahesabu vidole kuanzia wiki ya mwisho ya Novemba, akasema pesa ya viza iwe imefika kwa mtoto kabla bodi haijakaa, na sendofu wataiahirisha mpaka Machi.